Ujumbe wa vijana na ujumbe wa benki: masharti yaleyale, sauti mbili

Kalamu_ya_Tandika (mleta mada)

Wanajukwaa, nawasalimu. Nimepewa kazi ya kuandika ujumbe wa simu na kijitabu cha akaunti ya akiba kwa vijana wa miaka 18 hadi 25, katika benki ambayo sitaitaja. Idara ya masoko inataka maneno yachangamke, idara ya sheria inataka kila sentensi ifanane na mkataba, na pande zote mbili zinasubiri rasimu yangu. Sharti linalonisumbua ni moja: salio likishuka chini ya Sh 5,000, mteja anakatwa ada ya Sh 1,000 kwa mwezi. Kwa upande wa sheria niliandika hivi:

> Ndugu Mteja, tunapenda kukujulisha kuwa ada ya uendeshaji wa akaunti itatozwa iwapo itabainika kuwa salio limeshuka chini ya kiwango cha chini kilichoainishwa katika vigezo na masharti.

Na kwa ajili ya vijana niliandika hivi:

> Oya mwana! Usiache akaunti ikauke. Mkwanja ukishuka chini ya buku tano, tunakata buku fasta. Tunza sasa, ule bata baadaye!

Sheria wameukubali wa kwanza na masoko wameupenda wa pili, lakini mimi mwenyewe siridhiki na wowote. Naomba wenye uzoefu wanisaidie kuona tatizo liko wapi.

Mhariri_Mstaafu

Mleta mada, kabla ya kuzungumzia sauti, tuangalie kilichomo. Ujumbe wako wa kwanza unaonekana mzito, lakini hausemi ni nani atakayekata, atakata kiasi gani, wala atakata lini. Ujumbe wa pili, ambao idara ya sheria ingeukataa mara moja, umetaja kiasi chote: buku tano na buku. Kwa hiyo ule wa mtaani unamweleza mteja mengi zaidi kuliko ule wa mkataba, na hilo linatosha kuonyesha kwamba uzito wa maneno si ushahidi wa usahihi.

Ila jumbe zote mbili zimekosea mahali pamoja. Mimi kijana nina Sh 30,000. Tarehe 12 natoa Sh 28,000 kununua simu, na tarehe 20 narudisha Sh 10,000. Je, nakatwa? Neno "likishuka" halijibu. Linaweza kumaanisha kushuka hata kwa siku moja, au wastani wa mwezi mzima, au salio la siku ya mwisho. Hizo ni akaunti tatu tofauti kabisa. Waulize kwanza waliotunga akaunti hiyo, kisha urudi hapa, maana bila jibu hilo huna cha kuchangamsha wala cha kurasimisha.

Mlinzi_wa_Lugha

Nashangaa kwamba tunajadili jambo ambalo lilikwisha kuamuliwa. BAKITA iliundwa mwaka 1967 kwa sheria ya Bunge ili kusimamia Kiswahili, na "mkwanja", "fasta" na "oya" si maneno ya taasisi yoyote inayojiheshimu. Benki iandike Kiswahili sanifu, kijana akikosa kuelewa afungue kamusi. Urasimi una alama zake, na alama kubwa ni kauli ya kutendwa: "ada itatozwa", "malipo yatapokelewa", "mteja anaombwa". Ukiiondoa hiyo, unabaki na maneno ya kijiweni.

Chipukizi_wa_Uyole

Mimi nina miaka 22, kwa hiyo akaunti hiyo nadhani inanilenga. Ndugu Mlinzi wa Lugha, sihitaji kamusi ili nielewe "tunapenda kukujulisha kuwa". Ninauelewa, ila nikifika kwenye neno la nne nimekwisha kuufuta, kwa sababu ujumbe wote wa matangazo unaanza hivyohivyo.

Hata hivyo, "Oya mwana" nayo inanichefua. Oya anaitwa mtu na rafiki yake, au na kondakta anayetaka asogee nyuma ya daladala. Benki si rafiki yangu wala hatujakaa kijiwe kimoja. Buku tano nitasema dukani, nitasema na wenzangu, lakini nikiangalia akaunti yangu nataka kuona Sh 5,000 kwa tarakimu, kwa sababu hiyo ni hela yangu na nimeitafuta kwa shida. Sijui kama vijana wenzangu wote wanaona hivyo. Wapo ambao wangecheka na kuituma kwa marafiki, na pengine masoko wanawatafuta hao.

Kalamu_ya_Tandika

Nimerudi na jibu. Kinachoangaliwa ni salio la siku ya mwisho ya mwezi, baada ya hesabu za siku hiyo kufungwa. Katikati ya mwezi mteja anaweza kutoa hadi akabakiwa na kiasi kidogo sana bila kukatwa. Nakiri kwamba hakuna mahali popote kwenye vipeperushi vya awali palipoandikwa hivyo.

Mhariri_Mstaafu

Sasa tuna cha kuandika. Kwa kijitabu cha masharti ningeandika hivi:

> Mteja atabakiza katika akaunti salio lisilopungua Sh 5,000. Endapo salio litakuwa chini ya kiasi hicho wakati wa kufunga hesabu za siku ya mwisho ya mwezi, Benki itakata ada ya Sh 1,000 kwa mwezi huo.

Na kwa simu ya Chipukizi:

> Mwezi ukiisha, hakikisha akaunti yako ina Sh 5,000 au zaidi. Ikipungua hapo tunakata Sh 1,000. Katikati ya mwezi toa unavyotaka. Tunaangalia siku ya mwisho tu.

Tazama kilichobadilika na kisichobadilika. Kiasi, siku na anayekata vimebaki vilevile, na hata mwanasheria akiweka maandishi haya mawili mezani hataona mkataba wa pili. Kilichobadilika ni kwamba "Mteja atabakiza" imekuwa "hakikisha", "Endapo salio litakuwa" imekuwa "Ikipungua hapo", "Benki" imekuwa "sisi", na sentensi zimekatika mahali ambapo mtu anayezungumza angevuta pumzi. Pia "toa unavyotaka" ni habari njema ambayo maandishi rasmi yaliificha ndani ya sharti, ilhali kijana ndiyo anayoitafuta. Hakuna hata neno moja la mtaani, na bado ujumbe una uhai. Nadhani hapo ndipo wengi wanapopotea: wanatafuta uchangamfu kwenye nomino za kijiweni, wakati Kiswahili kinauweka kwenye kitenzi. "Ki" ya masharti, amri nyepesi na nafsi ya pili vinafanya kazi ambayo "oya" haiwezi kuifanya.

Ndugu Mlinzi wa Lugha, sipingani nawe kuhusu usanifu; mifano yangu yote miwili ni sanifu. Ninapinga kuuchanganya usanifu na uzito. Angalia sentensi hii ambayo nimewahi kuisahihisha: "Utekelezaji wa ufanyaji wa malipo ya marejesho unapaswa kuzingatiwa." Kila neno limo kwenye kamusi, lakini maana yake yote ni "Lipa rejesho kwa wakati." Mwandishi amegeuza vitenzi kuwa nomino zenye "u" mbele na "ji" nyuma, akadhani ameandika rasmi.

Mama_wa_Kikoba

Wanangu, shikamooni kwa wakubwa na marahaba kwa wadogo. Mimi naona mnaongelea mikopo ya vijana, na nataka niseme kwamba vijana wasikimbilie mikopo ya kausha damu. Waje kwenye vikundi, tuna riba ndogo na tunafahamiana.

Kuhusu ujumbe, mimi ni katibu wa kikundi na ninaandika ukumbusho wa rejesho kila wiki. Kijana mmoja wa kikundi chetu alikuwa amekopa benki fulani, na akaletewa ujumbe wa utani: "Mambo vipi bosi, umetusahau? Deni linakumiss!" Simu siku hiyo alikuwa nayo mama yake mzazi, ambaye hakujua kama mwanawe amekopa. Mama hakuuona utani wowote. Aliona deni, na aliona watu wasiomheshimu mwanawe. Kijana alikaa siku kadhaa bila kurudi nyumbani. Deni halitaniwi, hata kama mdaiwa ana miaka 19.

Kalamu_ya_Tandika

Mama, shikamoo. Uzi ulihusu akiba, lakini umenisogeza mbele, kwa sababu akaunti hii itakuja kuwa na mkopo mdogo ndani yake na ukumbusho wa rejesho nitauandika mimi. Rasimu niliyokuwa nayo inaanza "Hujalipa rejesho lako". Naomba Mhariri aniambie kama hiyo ni wazi vya kutosha.

Mhariri_Mstaafu

Ni wazi, lakini inadai kujua jambo ambalo benki hailijui. Mteja anaweza kuwa amelipa kwa wakala jioni na muamala haujaingia, na anayeambiwa "hujalipa" wakati ana risiti mkononi hatakuamini tena. Benki inajua kitu kimoja tu, kwamba haijapokea. Hapa ndipo ninapompa Mlinzi wa Lugha haki yake kwa sehemu: kauli inayoepuka kumnyooshea mteja kidole ina heshima, na wakati mwingine ina ukweli zaidi. Kwa barua rasmi:

> Hadi kufikia tarehe 6, Benki haijapokea rejesho la Sh 42,000 lililotakiwa kulipwa tarehe 5. Iwapo umekwisha kulipa, tafadhali wasilisha risiti katika tawi lolote. Iwapo bado, unaombwa kulipa kabla ya saa 12:00 jioni ya leo ili kuepuka faini.

Na kwa simu:

> Hatujapokea rejesho lako la Sh 42,000 la tarehe 5. Kama umelipa, tutumie risiti. Kama bado, lipa leo kabla ya saa 12 jioni, hakuna faini. Umekwama? Tupigie.

Umbali kati ya hizi mbili ni mdogo kuliko ule wa mfano wa akiba, na ni mdogo kwa makusudi. Ningesema uchangamfu upungue kadiri jambo linavyomuumiza mteja. Kumkaribisha kufungua akaunti, changamka. Kumweleza ada, changamka kwa kiasi. Kumdai au kumwambia ombi lake limekataliwa, zungumza kama mtu mzima anayemheshimu mwenzake. Neno pekee lenye ukaribu nililolibakiza ni "Umekwama?", kwa sababu linafungua mlango bila kumdhalilisha. Katika rasimu zangu nililinganisha pia na "Una changamoto ya malipo?", nikaliacha. "Changamoto" limebebeshwa kila kitu siku hizi, hata mahali ambapo mtu ana njaa tu.

Mtuma_Ujumbe_Kariakoo

Mimi kazi yangu ni upande wa mitambo inayotuma ujumbe kwa maelfu ya wateja, na nataka kuongeza mambo mawili ambayo waandishi hawayaoni kwenye karatasi.

La kwanza ni urefu. Ujumbe mmoja wa kawaida unabeba herufi 160, nafasi zikiwemo. Ukizidi hapo unagawanyika, na benki inalipia kila kipande. Lakini ukiingiza alama moja tu isiyokuwemo katika seti ya kawaida ya herufi, kikomo kinashuka hadi 70 kwa ujumbe mzima. Kwa Kiswahili mtego mkubwa ni ile alama ya juu ya ng'. Ukiandika "ng'amua" kwenye programu ya kuandikia, yenyewe inabadilisha alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na ujumbe uliotosha kipande kimoja unakuwa vipande viwili au vitatu. Alama za nukuu zilizopinda, vistari virefu na vikaragosi ambavyo masoko wanavipenda vinafanya hivyohivyo. Andika kwanza kwenye kihariri cha maandishi matupu, kisha hesabu.

La pili ni saa. Mfumo wetu unaandika 18:00, na nimewahi kuona ujumbe ukitoka na maneno "kabla ya saa 18 jioni", ambayo hayapo katika lugha ya mtu yeyote. Mhariri ameandika saa 12 jioni na ni sahihi.

Kalamu_ya_Tandika

Hilo la saa linanigusa, kwa sababu mwisho halisi wa malipo kwenye mfumo ni 23:59 ya tarehe 5, na saa 12 jioni ni nafasi ya ziada ya siku inayofuata. Nilitaka kuandika "kabla ya saa 6 usiku wa tarehe 5". Je, inatosha?

Mwalimu_Likoni

Haitoshi, ndugu yangu, na nakujibu kutoka Mombasa ambako jambo hili lina mizizi. Kwa hesabu yetu ya asili siku inaanza machweo, na usiku unautangulia mchana wake. Ukimwambia mzee wa hapa "usiku wa Ijumaa", anaweza kuelewa usiku ule baada ya mchana wa Alhamisi. Vijana wengi wameshika hesabu ya kalenda, lakini si wote, na wengine wanatumia zote mbili kwa kutegemea wanazungumza na nani. Andika "usiku wa tarehe 5 kuamkia tarehe 6", au uepuke usiku kabisa kwa kusema "lipa tarehe 5; ikifika tarehe 6 umechelewa". Hii ya pili ni fupi, na inafaa kwenye simu.

Kuhusu maneno ya vijana, ningeomba benki zikumbuke kwamba vijana si kundi moja. Hapa Kenya kampuni zikitaka kuonekana za kisasa zinaandika Sheng ya Nairobi, na wanafunzi wangu wa Pwani wanaisoma kama lugha ya mgeni anayejifanya mwenyeji. Elfu moja ni buku kwenu, Nairobi ni thao au ngiri. Hata maneno rasmi hayalingani: ninyi mna namba ya siri na wakala, sisi tuna nambari ya siri na ajenti. Na "Ndugu Mteja" yenu, ambayo kwa Tanzania inamfaa mwanamume na mwanamke sawasawa, huku inaweza kumfanya mwanamke ajiulize kama barua ni yake. Ndiyo maana sisi huandika "Mteja mpendwa". Akaunti ikivuka mpaka, msibebe maandishi yaleyale.

Mlinzi_wa_Lugha

Nimeisoma mifano ya Mhariri mara mbili, na nakubali kwamba ni sanifu na ni myepesi. Lakini nina hoja ya usalama ambayo naona haijaguswa. Matapeli wa Tanzania wanajulikana kwa ujumbe wao wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ni Kiswahili cha kawaida kabisa, cha mtu na ndugu yake, na ndiyo maana watu wananasa. Benki ikianza kuandika "tutumie risiti" na "tupigie", mteja atatofautishaje benki na tapeli? Uzito wa maneno ni kinga.

Chipukizi_wa_Uyole

Mkuu, nilichopokea mimi ni "Ndugu Mteja, tunapenda kukujulisha kuwa umeshinda". Tapeli huyo aliandika rasmi kuliko benki. Wote wawili wanajua kuiga, kwa hiyo sioni kinga yoyote hapo.

Mtuma_Ujumbe_Kariakoo

Nadhani kila mmoja ana nusu yake. Tapeli anaiga sauti yoyote, lakini utapeli hauendi bila kumwomba mtu afanye jambo: atume hela, apige namba fulani au ataje namba ya siri. Kwa hiyo ningeondoa "tutumie risiti" ya Mhariri, si kwa sababu imechangamka, bali kwa sababu inamzoesha mteja kutuma vitu kwa aliyemwandikia. Ningeandika "peleka risiti tawini" na "piga namba iliyo nyuma ya kadi yako". Namba yenyewe isiwekwe kwenye ujumbe. Kuhusu kama mteja anayezoea sauti moja ya benki yake anaweza kuitambua sauti ya kigeni ikija, sina uhakika. Nimeona watu waangalifu wakinasa na wazembe wakipona.

Mhariri_Mstaafu

Nakubali marekebisho hayo, na "tutumie" iondoke. Ujumbe wa simu uwe hivi, na nimeuhesabu unaingia katika kipande kimoja:

> Hatujapokea rejesho la Sh 42,000 la tarehe 5. Kama umelipa, peleka risiti tawini. Kama bado, lipa leo kabla ya saa 12 jioni. Umekwama? Piga namba nyuma ya kadi.

"Hakuna faini" nimeitoa ili ujumbe utoshe, na sikuitoa kwa furaha, kwa sababu ndiyo sababu ya mteja kulipa leo badala ya kesho. Kama benki iko tayari kulipia kipande cha pili, irudishwe.

Kalamu_ya_Tandika

Nitaomba kipande cha pili. Ule wa akiba nimeupeleka leo pande zote mbili, na idara ya sheria imeupitisha ujumbe wa simu bila kubadilisha neno, baada ya kuulinganisha na kijitabu. Masoko hawajaridhika, wanasema umenyooka lakini haumfanyi kijana amwonyeshe mwenzake. Wameniomba nibakize angalau "buku tano" kwenye bango la barabarani, ambako hakuna sharti linaloelezwa, bali mwaliko tu: "Anza na buku tano." Ninaelekea kukubali kwa bango la Dar es Salaam peke yake, mradi tarakimu ya Sh 5,000 iwe chini yake. Chipukizi, wewe ungeliona bango hilo pale Uyole ungesemaje?

Chipukizi_wa_Uyole

Kwenye bango, sawa, maana hapo mnaniita tu. Ila nikishafungua akaunti na mkaanza kuniandikia mimi binafsi, rudini kwenye tarakimu.

Mama_wa_Kikoba

Na mwandike pia riba ya huo mkopo ni kiasi gani kwa mwezi, kwa shilingi, maana asilimia watoto hawa hawaihesabu. Hilo hamjaligusa kabisa.